Nusu kwa Nusu, Kuta Zikikubali

Tuseme kuna uchochoro wenye upana wa mita 1 kati ya majengo mawili. Fundi anachukua chuma cha mviringo, kigumu hadi ndani, chenye kipenyo cha milimita 40, anakilaza kutoka ukuta hadi ukuta, na kila ncha anaichomelea kwenye bamba la chuma lililokazwa ukutani kwa bolti mbili. Katikati kabisa ya chuma hicho anachomelea mkono wa mita 1 unaojitokeza kuelekea mbele ya uchochoro, wa kuning'inizia mizigo. Siku ya kwanza mtu mwenye kilo 61 anajaribu kazi kwa kuning'inia kwenye ncha ya mkono.

Uzito wake ni karibu nyutoni 600, na kwa kuwa yuko umbali wa mita 1 kutoka kwenye shafti, anaizungusha kwa nguvu ya nyutoni-mita 600. Nguvu hiyo ya kuzungusha mafundi wa magari huiita torki, na ndiyo wanayoikadiria wanapoongeza bomba kwenye spana ili nati iliyoganda ilegee. Shafti yetu haiwezi kuzunguka kwa sababu imeshikwa pande zote mbili, kwa hiyo inajisokota tu, na kuta mbili zinairudishia torki ya kuipinga. Kinachotakiwa kujulikana ni kila ukuta unarudisha kiasi gani.

Karibu kila mtu atajibu kwamba ni nusu kwa nusu, yaani 300 kwa 300. Jibu hilo ni sahihi. Ila ukimuuliza amelipataje, wengi watasema ni kwa sababu mkono uko katikati, na sababu hiyo peke yake haitoshi. Fundi akibadilisha kitu kidogo tu, mkono ukabaki palepale katikati, nusu kwa nusu inavunjika.

Tuite ukuta wa kushoto A na wa kulia B. Kanuni ya msawazo inasema kwamba kitu kilichotulia kinasukumwa kwa usawa pande zote, kwa hiyo torki za kuta zikijumlishwa lazima zilingane na ile ya mtu aliyening'inia:

T_A + T_B = 600

Kanuni ya msawazo inaishia hapo. Tuna mlinganyo mmoja na visivyojulikana viwili. Mia tatu na mia tatu zinaukidhi, lakini hata 590 na 10 zinaukidhi, na 600 na sifuri pia. Ukitaka kujua ni jozi ipi iliyo ya kweli, kanuni ya msawazo haikusaidii hata uirudie mara ngapi. Ni kama meza ya miguu minne: kigoda cha miguu mitatu kila mguu unajua mzigo wake, lakini meza ikiwekwa kwenye sakafu, mguu upi unabeba nini hutegemea urefu wa kila mguu na usawa wa sakafu, si uzito wa meza tu. Wahandisi wana jina la mifumo ya namna hii: isiyoamulika kwa msawazo. Ina mshiko mmoja zaidi ya inavyohitaji ili isimame.

Aliyeweka wazi njia ya kutoka kwenye mkwamo huu ni Mfaransa Claude-Louis Navier, katika masomo yake aliyoyachapisha mwaka 1826. Wazo lake ni kwamba habari iliyokosekana katika nguvu ipo katika mjongeo. Chuma si kitu kisichobadilika. Kinajisokota kidogo, na kiasi kinachojisokota hakiwezi kuwa chochote tu, kwa sababu ncha zake zimefungwa mahali. Kwa hiyo tunaacha kuuliza nani anasukuma nani kwa muda, tunauliza nini kimegeuka kwa kiasi gani.

Kuhusu kugeuka, kazi ilikuwa imeshafanywa. Mwaka 1784 Mfaransa mwingine, Charles-Augustin de Coulomb, yule ambaye jina lake limebaki katika vipimo vya umeme, alichapisha utafiti wake wa nyaya zinazosokotwa. Aligundua kwamba pembe ya msokoto inaongezeka sawasawa na torki, inaongezeka sawasawa na urefu wa waya, na inapungua kwa kipenyo kilichozidishwa mara nne kwa chenyewe. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, shafti inakuwa kaidi mara 16.

Sasa tufanye hesabu kwa njia inayoonekana machoni. Chukua msumeno wa mawazo ukate ncha ya kulia ili ukuta B usiwe na kazi. Torki yote 600 sasa inapita nusu ya kushoto, yenye urefu wa nusu mita, mpaka ukuta A. Kwa chuma cha kawaida, ambacho ukaidi wake dhidi ya msokoto ni karibu gigapaskali 80, nusu mita ya milimita 40 ikipewa torki hiyo inajisokota digrii 0.855. Nusu ya kulia haina torki, haijisokoti, inafuata tu kama mkia, kwa hiyo ncha yake huru nayo imegeuka digrii hizo hizo 0.855.

Lakini katika kazi ya kweli ncha hiyo haikugeuka, imechomelewa. Basi ukuta B lazima uwe umeirudisha digrii 0.855 kinyume. Ili kuirudisha, torki ya ukuta B inapita shafti nzima, mita 1 kamili, kutoka B hadi A. Urefu ni mara mbili ya ule wa mwanzo, kwa hiyo nusu ya torki inatosha kuleta pembe ileile. Nusu ya 600 ni 300. Ukuta B unabeba 300, na kwa msawazo A anabaki na 300. Pembe ya katikati, ukiihesabu kwa nusu moja yenye torki 300, ni digrii 0.43 hivi.

Njia hii ya kuondoa ukuta mmoja, kuacha kitu kijigeukie, kisha kuulazimisha ukuta ufute mgeuko, ina faida moja kubwa. Inajibu pia maswali ambayo usawa wa picha haujibu. Mkono ukisogezwa mpaka sentimita 25 kutoka A, torki 600 inasokota robo ya mita tu, na ukuta B unahitaji robo ya torki kuifuta kupitia mita nzima. B anabeba 150 na A anabeba 450. Ukuta ulio karibu na mzigo ndio unaobeba zaidi, kwa sababu kipande kifupi ni kikaidi kuliko kirefu.

Turudishe mkono katikati. Wiki moja baadaye mwenye nyumba upande wa B analalamika kwamba chuma ni kinene mno, hakipendezi. Fundi anapeleka shafti ikakerezwe, na nusu yote ya kulia inapunguzwa kutoka milimita 40 hadi 30. Mkono haujasogea hata nywele. Nani anabeba nini?

Nusu zote mbili zinakutana kwenye mkono, kwa hiyo lazima zigeuke kwa pembe moja. Nusu nene ni kaidi kuliko nyembamba kwa uwiano wa 40 kwa 30 mara nne kwa wenyewe, yaani 256 kwa 81, zaidi kidogo ya mara 3. Ili zigeuke sawa, nene lazima ipewe torki zaidi kwa uwiano huohuo. Ukigawa 600 kwa mafungu ya 256 na 81, A anapata 456 na B anapata 144.

Hapa ndipo wengi hushtuka. Fundi amepunguza chuma upande wa kulia, lakini aliyeongezewa mzigo ni ukuta wa kushoto, ambao haukuguswa, na umeongezewa zaidi ya nusu ya ulichokuwa nacho. Kuna kingine cha ajabu zaidi. Mkazo mkubwa katika chuma, ule unaokaa kwenye ngozi ya nje ya shafti, mwanzoni ulikuwa megapaskali 24 pande zote. Baada ya kukereza, upande mwembamba una 27, na upande mnene umepanda hadi 36. Kipande kinene ndicho chenye mkazo mkubwa. Mtu anayetazama kazi hiyo kwa macho angeogopea upande mwembamba, na angekosea. Sababu ni rahisi ukiikumbuka pembe: vipande viwili vyenye urefu sawa vinaposokotwa pembe moja, ngozi ya kile chenye kipenyo kikubwa iko mbali zaidi na mstari wa katikati, kwa hiyo inavutwa zaidi.

Kwa shafti yenyewe namba hizi si za kutisha. Chuma laini cha ujenzi huanza kusokoteka bila kurudi kwenye mkazo wa karibu megapaskali 140, na sisi tuko chini kabisa ya hapo. Anayeumia ni bolti. Bamba la kila ukuta limeshikwa kwa bolti mbili zilizoachana milimita 150, moja kila upande wa shafti. Torki 300 inazisukuma bolti hizo kinyume kwa nyutoni 2000 kila moja, kama uzito wa kilo 200 hivi. Torki 456 inafikisha zaidi ya nyutoni 3000. Bolti iliyochaguliwa kwa hesabu ya nusu kwa nusu, kwenye tofali lenye saruji hafifu, itaanza kulegea, na fundi atalaumu tofali.

Kanuni hiyohiyo inaweza kutumiwa kwa makusudi. Ikiwa ukuta B ni wa zamani, wa mawe ya matumbawe na chokaa kama nyumba nyingi za miji mikongwe ya pwani, wazo la kwanza la mtu mwema ni kuongeza unene wa chuma upande huo ili kuusaidia. Atauvunja. Chuma kinene kinaita torki. Ukuta dhaifu unasaidiwa kwa kupunguza ukaidi wa kipande kinachoelekea kwake, au kwa kusogeza mkono mbali nao, na mzigo unahamia wenyewe kwenye ukuta wenye uwezo. Bila shaka ukuta huo wa pili nao uhesabiwe upya.

Mpaka sasa tumeamini kwamba kuta hazitikisiki, na hapo ndipo hesabu za vitabuni na kazi za uchochoroni huachana. Mara nyingi ncha ya shafti haichomelewi, bali inaingizwa kwenye kitovu cha chuma na kuzuiwa isizunguke kwa kabari ndogo iliyolala ndani ya mfereji. Kabari ikiwa imebana, ni sawa na kuchomelea. Ikiwa inacheza kidogo, shafti inageuka bure kabla haijagusa.

Tuseme shafti yetu ya kwanza, ile ya milimita 40 kote, upande wa B ina kabari inayocheza robo ya digrii. Kwenye ngozi ya shafti, milimita 20 kutoka katikati, robo ya digrii ni mwendo wa milimita 0.087. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa karibu milimita 0.1. Kwa hiyo nafasi tunayoizungumzia ni nyembamba kuliko karatasi, na kidole hakiwezi kuihisi.

Rudia hesabu ya ukuta uliokatwa. Ncha huru ilitaka kugeuka digrii 0.855. Safari hii ukuta B hauhitaji kuirudisha yote, kwa sababu umeiachia 0.25. Unafuta 0.605 tu. Ikiwa kufuta 0.855 kulihitaji 300, kufuta 0.605 kunahitaji 212. B anabeba 212, A anabeba 388. Nafasi isiyofikia unene wa karatasi imehamisha karibu theluthi ya mzigo wa ukuta mmoja kwenda kwa mwenzake. Na nafasi ikifika digrii 0.855, sawa na milimita 0.3 kwenye ngozi ya shafti, ukuta B haubebi chochote. Upo, umepakwa rangi, una bolti zake mbili, na A anabeba 600 peke yake.

Kadiri shafti inavyokuwa fupi na nene, ndivyo tabia hii inavyozidi, kwa sababu shafti kaidi hugeuka pembe ndogo sana kabla ya kubeba mzigo wake wote, na nafasi ndogo ya kabari inakuwa kubwa ukiilinganisha na pembe hiyo. Shafti ndefu na nyembamba husamehe. Ndiyo maana hesabu ya nusu kwa nusu mimi huiamini zaidi kwenye vyuma vyembamba kuliko kwenye vinene, ingawa macho ya mtu husema kinyume.

Mahali ambapo nusu kwa nusu inatimia kwa uhakika ni pale ambapo kila kitu kimetengenezwa kwa pamoja kama kipande kimoja. Mfano ulio wazi uko ndani ya baadhi ya projekta zinazorusha picha ukutani. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments alibuni kifaa chenye safu za vioo vidogo sana, kila kioo kikiwa na upana wa takriban sehemu 16 za elfu za milimita, ambao ni mwembamba kuliko unywele. Kioo kinabebwa katikati ya utepe mwembamba wa chuma ulioshikwa kwenye nguzo ncha zote mbili. Umeme unakivuta upande mmoja, utepe unajisokota, na kioo kinainama digrii 10 katika matoleo ya mwanzo, 12 katika yaliyofuata. Ni shafti yetu ya uchochoroni, bila kabari wala bolti: nusu mbili za utepe zimewekwa kwa tabaka moja la chuma katika hatua moja ya utengenezaji, kwa hiyo zina unene mmoja na urefu mmoja, na nguzo mbili zinagawana torki sawasawa.

Fundi wa uchochoroni hana bahati hiyo, lakini ana njia za kujua. Ya kwanza ni mstari wa kalamu ya rangi unaopita kutoka kwenye shafti hadi kwenye kitovu au bamba, bila kukatika, kwenye ncha zote mbili. Mzigo ukiwekwa, mstari ukivunjika upande mmoja, hapo pameteleza. Ya pili ni ungaunga mwekundu wa kahawia unaotoka kwenye maungio baada ya muda. Si kutu ya mvua. Ni chuma kinachosagwa na vyuma viwili vinavyosuguana mwendo mdogo sana, na ukiuona upande mmoja tu, upande huo unacheza na upande wa pili ndio unaobeba.

Njia ya tatu inatoa namba. Funga fito nyepesi ya mita 1 katikati ya shafti, ielekee upande usio na mkono. Usipime ncha ya mkono wenyewe, kwa sababu mkono unapinda kwa mzigo na utakudanganya; fito haina mzigo, inafuata tu mgeuko wa shafti. Mtu wa kilo 61 akining'inia, ncha ya fito inapanda. Kuta zote mbili zikiwa zimeshika barabara, itapanda milimita 7.5. Upande mmoja ukiwa na ile robo ya digrii, itapanda karibu milimita 9.6. Upande mmoja ukiwa haushiki kabisa, itapanda milimita 15. Shafti pia inapinda kwenda chini kwa uzito, lakini kwa vipimo hivi ni karibu milimita 0.1 tu, haiharibu kipimo.

Kipimo hicho kina shimo moja. Kabari zikicheza kwa kiasi kilekile kwenye kuta zote mbili, fito itapanda zaidi ya milimita 7.5, na mtu atadhani mzigo umeegemea upande mmoja. Kumbe shafti inageuka bure kwanza, inagusa kuta zote mbili kwa wakati mmoja, na kuanzia hapo inagawa 300 kwa 300. Kwa hiyo fito isomwe pamoja na mistari ya rangi. Mistari ikivunjika sawa pande zote, tatizo ni mkono unaoshuka kuliko ulivyokusudiwa, na kabari mpya zinatosha. Ikivunjika upande mmoja tu, kwanza kagua bolti za ukuta wa upande wa pili, ule ambao mstari wake umebaki mzima.